Pikipiki Yako, Damu ya Nani

Vijana wa Garissa walimpachika Hinda jina la Kadhi wa Kazi, naye wala hakulikataa. Saiba yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya soko: kompyuta nne, printa moja yenye kikohozi, na benchi ambalo halikukosa watu tangu asubuhi. Kijana alikuja na tangazo la kazi kwenye simu yake, Hinda akavaa miwani, akalisoma polepole, kisha akatoa hukumu. "Hii halali, lete cheti nikuskanie." Au, mara nyingi zaidi: "Hii haramu. Nenda nyumbani ukalale, utafaidi zaidi."

Neno alilolichukia kuliko yote lilikuwa hilo la "awe na". Awe na pikipiki. Awe na simu janja. Awe na kipakatalishi. "Awe na, awe na!" angefoka, benchi zima likicheka. "Basi waseme awe na kampuni yake mwenyewe, yaishe! Wao wanaleta nini? Fulana?"

Halafu angempigia simu huyo mwenye tangazo pale pale, simu kwenye spika, kila mtu asikie. Mafuta ya nani? Bando la nani? Tairi ikipasuka huko porini, nani ananunua? Simu ikiibwa akiwa kazini, ni hasara ya nani? Waajiri wengi walianza kubabaika kwenye mafuta tu. Wengine walikata simu. Na kijana aliyekuwa tayari kuuza mbuzi wa mama yake ili apate hiyo simu janja alirudi nyumbani na mbuzi wake. Kwa hilo Hinda alijivunia, na haki yake ajivunie.

Lakini ukoo wenyewe ulikuwa na pikipiki moja, na hiyo ndiyo iliyomtoa Hinda kwenye kiti chake cha ukadhi.

Mama yake, Hooyo Abshiro, aliishi Modogashe, akiuza maziwa ya ngamia kwa madereva wa malori na kwa wenye mikahawa ya njia panda. Ngamia wake walikuwa wachache, wanaomtosha. Aliuza wawili kumnunulia mwanawe wa mwisho, Abdisamad, pikipiki ya boda, na akaishonea kiti kwa mkono wake, kitambaa chekundu chenye nyuzi za manjano, kama vile watu wanavyopamba kitanda cha bibi harusi. Ila boda za Modogashe zilikuwa nyingi kuliko abiria. Abdisamad alishinda pale njia panda akipiga soga na kutafuna miraa, na mama akaanza kuuma meno.

Ndipo lilipokuja tangazo la kampuni ya taa za jua. Walitaka mtu wa kuzungukia manyatta za Lagdera, kuuza taa kwa mkopo, kuzifunga, na kuzitembelea zikiharibika. Awe na pikipiki na leseni. Awe na simu janja. Kipakatalishi kitakuwa nyongeza. Abdisamad alimtumia dada yake kwenye WhatsApp na maneno mawili tu: "Abaayo, hukumu."

Hinda alipiga simu, spika wazi, benchi limejaa. Akapokea mtu wa bara, sauti ya upole, akajitaja kuwa Peterson, msimamizi wa eneo.

"Mafuta?" akaanza Hinda, hata salamu hazijapoa.

"Tunalipa kwa kilomita, dada. Programu inahesabu yenyewe."

Benchi likatazamana. Hinda akasogeza miwani. "Bando?"

"Kila Jumatatu."

"Tairi? Oili? Breki?"

"Kuna pesa kidogo ya ukarabati kila mwezi. Si nyingi, lakini ipo."

"Simu ikivunjika kazini?"

"Tunasaidia nusu."

Wallahi, hakuna aliyewahi kufika hapo. Kijana mmoja alipiga makofi. Hinda mwenyewe alihisi moyo umejaa, maana ni ndugu yake huyu, si mtoto wa watu.

"Sasa, kuna jambo moja ningependa tuelewane," Peterson akasema. "Kuhusu bima. Pikipiki ni yake, kwa hivyo ajali ikitokea, akimgonga mtu..."

"Ah, wewe ndugu!" Hinda akamkatiza, akicheka, na akalitazama benchi lake. "Ajali ni ya Mungu. Na huku kwetu hakuna mtu anayeanguka peke yake. Sisi tuna watu."

"Sawa, dada. Kama mna watu, sawa."

"Hii ni halali," Hinda akatangaza alipokata simu, na benchi likamshangilia.

Na tuseme ukweli, ni nani pale angeuliza vingine? Tairi ni kitu unachobishania na mgeni. Damu hubishanii na mgeni. Mtu wa kwao akimuua mtu, kwa kusudi au kwa bahati mbaya, wazee hukaa, dia, yaani fidia ya damu, huhesabiwa, na kila nyumba ya ukoo hutoa fungu lake, aliye karibu zaidi akatoa zaidi. Baba yake Hinda alitoa ngamia kwa ajili ya watu ambao hakuwahi kuwaona kwa macho. Lilikuwa jambo la fahari, kama kisima chenye maji. Haikumpitia Hinda akilini hata kidogo kwamba mgeni anaweza kuja na ndoo yake, akachota.

Miezi ya kwanza ilikuwa tamu. Abdisamad aliacha miraa, akanenepa mashavu, akampelekea mama mchele na mafuta ya kupikia. Alimpigia Hinda simu kutoka manyatta ambazo hata yeye hajawahi kuzisikia, akijigamba, "Abaayo, nimewaangazia hawa watu, wananiita Mwezi." Kitu kimoja tu alilalamikia. Programu ya kampuni ilifunga hesabu ya siku magharibi. Ziara ambayo hujaiingiza kabla ya hapo, na mtandao uko njia panda tu, ilikuwa imekwenda na upepo: hakuna malipo, hakuna kilomita, na alama zako zinashuka.

"Basi wahi kurudi," Hinda alimwambia.

"Ndiyo nawahi," akasema.

Siku hiyo aliwahi kweli kweli. Alikuwa ametoka kufunga taa mbali, jua limeinama, na njia ya mchanga ikipinda nyuma ya vichaka karibu na mji. Mzee Jama, wa ukoo wa jirani, alikuwa akivusha mbuzi wake. Mbuzi walipita wote. Jama hakupita.

Walimpakia kwenye gari la kwanza lililotokea, wakielekea hospitali ya Garissa, na akafa njiani kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya mwanawe, Abdirizak. Abdisamad alivunjika mguu. Simu yake ilikutwa mchangani, kioo kimepasuka, lakini ilikuwa bado inawaka, ikimkumbusha kwamba zimebaki ziara mbili.

Hinda alifunga saiba, akaanza kuhangaika kama kuku aliyekatwa kichwa. Alikwenda kwanza kwa wakala wa bima aliyeikatia pikipiki ile. Wakala alitazama karatasi, akamtazama Hinda kwa huruma ya kweli. "Dada, hii ni bima ya matumizi binafsi. Mlichukua ile ya bei ya chini. Siku hiyo pikipiki ilikuwa imebeba mali ya kampuni kwa malipo. Wakubwa wangu watasema hawamo."

Akaenda kwa afisa wa leba, yule wa haki za wafanyakazi, mama mmoja wa bara aitwaye Mirriam, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si wote hufanya. Alisoma mkataba wa Abdisamad kwenye simu. Ulisema yeye si mwajiriwa ila mkandarasi huru, anayetumia vyombo vyake mwenyewe, na kwamba hasara yoyote itakayotokana na vyombo hivyo ni yake.

"Kuandika mkandarasi hakumfanyi mtu awe mkandarasi," Mirriam akasema. "Mahakama huangalia ni nani aliyempangia njia, saa na kazi. Mnaweza kushtaki, na mna hoja. Hata familia ya marehemu ina hoja dhidi ya kampuni."

"Itachukua muda gani?"

Mirriam alimrudishia simu. "Miaka, dada. Na wakili anataka chake."

Damu haikuwa na miaka. Tayari watu wa Jama walikuwa wameacha kunywesha mifugo kisima kimoja na watu wa Abdisamad. Tayari wapwa wa Hinda wawili walikuwa wametolewa shule ya bweni na kufichwa kwa shangazi yao huko Masalani, maana ukoo usiolipa, kijana wake yeyote anaweza kulipa. Hooyo Abshiro alikuwa akikamua ngamia wake kabla ya alfajiri. Ngamia hao ndio waliobaki kati yake na kuombaomba, na kila mtu aliyapiga mahesabu hayo kimoyomoyo, wala hakuna aliyeyatamka.

Wazee walikaa Modogashe, uani kwa Adeer Yarrow, ndugu mkubwa wa marehemu baba yake Hinda. Upande wa Jama uliongozwa na mzee aitwaye Alio, mwembamba, ndevu zimepakwa hina, macho makali. Hinda na mama yake walikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mikeka, na birika za chai. Walisikia kila neno.

Alio hakuanza na ngamia. Alianza na swali. "Kijana huyu alikuwa akienda wapi?"

"Kazini," Yarrow akajibu.

"Kazi ya nani?"

"Ya kampuni ya taa."

"Basi kwa nini nakaa na wewe, Yarrow? Wewe na mimi tumechimba kisima pamoja. Nimpelekee dai aliyemtuma."

Hinda alishika birika kwa nguvu mpaka likamchoma. Ya Rabi, akawaza, huyu mzee ameliona. Huyu asiyejua kusoma tangazo ameuliza lile nililopaswa kuuliza mimi.

Peterson alikuja. Kwa hilo lazima asifiwe, maana wengine wangezima simu. Alikuja kwa pikipiki, vumbi hadi kope, na mfuko wa sukari na majani ya chai aliyonunua kwa pesa zake. Wazee wakamkaribisha mkekani, wakageuza mazungumzo kuwa Kiswahili kwa ajili yake, Kiswahili chao kisichojua herufi p.

"Kijana," Yarrow akamwambia, "kambuni yako itatoa nini kwa damu hii?"

Peterson alitoa pole. Pole yake ilikuwa ya dhati. Kisha akaeleza: mkataba, mkandarasi, vyombo vyake mwenyewe. Alisema ameandika barua makao makuu mara mbili na amejibiwa kwa aya ile ile ya mkataba.

"Hiyo kambuni ni watu wa wafi?" Alio akauliza. "Ukoo wao ni ufi?"

"Mzee, kampuni haina ukoo."

"Kila kitu kina wenyewe."

"Wako nje. Sijawahi kuwaona." Akainamisha kichwa. "Hata mimi, hiyo pikipiki nje ni yangu. Kipakatalishi ni changu. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu. Nikimgonga mtu nikirudi leo, ni mimi na mke wangu na mtoto. Hata hao watu mlio nao ninyi, mimi sina."

Wazee wakaguna. Walimhurumia, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, maana mtu unayemhurumia huwezi kumdai.

Kisha Peterson akasema lile neno, bila ubaya wowote, kama mtu anayejitetea tu. "Na bima, wazee wangu, mimi nilitaka kuizungumzia tangu siku ya kwanza. Nilimwambia dada yake kwenye simu. Akasema hakuna shida. Akasema, sisi tuna watu."

Nyuma ya mikeka, Hooyo Abshiro aligeuka akamtazama binti yake. Hinda alitamani ardhi ipasuke immeze pale pale na birika lake.

Alio akarudi kwenye lugha yao. "Yarrow. Binti yenu alisema hivyo?"

Yarrow angeweza kukana. Angeweza kusema maneno ya mwanamke kwenye simu si ya ukoo. Lakini alikuwa mtu wa kushika neno, na ukoo ambao umesema una watu hauwezi kugeuka mbele ya mgeni ukasema hauna.

"Kama alisema, alisema kweli," akajibu. "Tuna watu. Tutalipa."

Basi wakalipa. Fungu kubwa zaidi lilikuwa la nyumba ya aliyeua, ndivyo desturi ilivyo, na nyumba yenyewe ilikuwa Hooyo Abshiro. Nyumba nyingine za ukoo zilitoa, lakini shingo upande, si kama zamani. Mjomba mmoja wa Wajir alituma fungu lake pamoja na sauti kwenye WhatsApp: zamani alitoa kwa ajili ya watu waliopigania maji, leo anatoa kwa ajili ya taa za mzungu, na mara ya pili asiulizwe. Siku vijana wa Alio walipokuja kuswaga ngamia, Hooyo alimshika kila ngamia shingoni na kumtaja kwa jina lake. Wa mwisho alikataa kuondoka, akawa anageuka geuka kumtafuta ndama wake, nao wakarudi kumchukua na ndama pia.

Fungu lilipungua kidogo hata hivyo, na polisi walikuwa wamekwisha kuikagua pikipiki na kuiachilia. Yarrow akaisukuma mwenyewe hadi uani kwa watu wa Jama, ikamilishe hesabu. Kitambaa chekundu cha kiti kilikuwa bado hakijachanika.

"Hooyo," Hinda alisema jioni hiyo, machozi yakimtiririka bila haya, "ni mimi. Ningemwacha amalize sentensi yake tu."

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, chombo cha kukamulia mapajani, hakuna cha kukamua. "Ungemwacha amalize, angesema nini?"

"Angesema kampuni hailipi."

"Nawe ungesema nini?"

"Haramu. Ningesema haramu."

"Basi ndugu yako angekuwa njia panda na miraa yake," mama akasema, "na Jama angekuwa na mbuzi wake." Akanyanyuka, akaingia ndani, akamwacha Hinda na kigoda.

Hinda alirudi Garissa na kufungua saiba, kwa sababu sasa yeye ndiye aliyemlisha mama yake, na Abdisamad na mguu wake pia. Benchi lilijaa tena. Swali la kwanza sasa lilikuwa moja, na alilipiga kama nyundo: akimgonga mtu akiwa kwenye kazi yenu, nani analipa? Hakucheka tena akiuliza. Vijana waliacha kumwita Kadhi, wakisema amekuwa mkali, kila kazi kwake haramu.

Kabla mvua za vuli hazijaanza, pikipiki ilisimama mlangoni. Hinda aliijua kabla ya kuinua macho kikamilifu. Nyuzi za manjano zilikuwa zimefifia.

Abdirizak mwana wa Jama aliingia, akasalimu, akasimama. Alijua saiba ni ya nani. Hilo lilionekana kwa jinsi alivyokataa kukaa.

"Abaayo, sikuja kwa ubaya," akasema. "Yamekwisha yale. Nimekuja kwa kazi, kila mtu anakuja hapa." Akamwonyesha simu yake, mpya, bado na nailoni ya dukani.

Tangazo lilikuwa lile lile. Lagdera. Awe na pikipiki na leseni. Awe na simu janja.

Hinda alipiga namba, spika wazi. Aliyepokea hakuwa Peterson. Alijitaja kuwa Dancan, msimamizi mpya, kijana mchangamfu. Peterson? Mkataba wake uliisha, dada, hakuongezewa.

"Akimgonga mtu akiwa kwenye kazi yenu," Hinda akasema, "nani analipa?"

"Ah, hilo!" Dancan akacheka, cheko la mtu asiyejua anachokanyaga. "Huko kwenu mna utaratibu mzuri sana, dada. Wazee wanakaa, yanaisha, hata kortini hatufiki. Sehemu nyingine watu wanatusumbua. Ndiyo maana kampuni inapenda kazi za huko."

Hinda alikata simu. Akamgeukia Abdirizak, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakufoka. "Umemsikia? Umesikia alivyosema? Wanajua. Wanatuhesabu sisi kama bima yao. Nakuomba, walaal. Kwa jina la baba yako, iache."

Abdirizak alitazama chini. Alikuwa na mdomo wa Jama, watu walisema. "Nina mama na wadogo zangu," akasema. "Ngamia mliotupa wamegawanywa kwa wazee, sisi tulibaki na wachache na hiyo pikipiki. Nifanye nayo nini, niitazame? Mafuta wanalipa. Bando wanalipa."

"Na ukimgonga mtu?"

Alishangaa swali lenyewe. "Nina watu, abaayo."

"Sitakuchapishia," Hinda akasema. "Nenda kwingine. Sitaigusa."

Hakubishana. Alitoka, akaketi juu ya kiti chekundu pale nje ya mlango, akainama juu ya simu yake. Ilimchukua Hinda muda kuelewa kwamba alikuwa akijaza fomu, kwa mtandao wa saiba yake, ambao neno lake la siri kila kijana wa soko alilijua na kumpa mwenzake. Akaruka, akapita katikati ya magoti ya watu, akaung'oa waya ukutani. Kompyuta nne zikakwama. Benchi likapiga kelele.

Abdirizak aliinua kichwa, akamwona amesimama mlangoni na waya mkononi.

"Imeshaenda, abaayo," akasema kwa upole, akatia simu mfukoni, akawasha pikipiki.